Sabufa haina jina na skrini imejaa namba tupu: jinsi ya kujua kifaa kipi cha Bluetooth ni chako kabla hujabonyeza

Mwezi uliopita nilichukua sabufa Kariakoo, iliyotumika lakini safi, muuzaji akaiwasha mbele yangu ikaimba kwa fleshi, akaunganisha na simu yake kwa Bluetooth ikaimba pia, nikalipa nikaondoka. Nafika nyumbani, naiwasha, nabonyeza rimoti mpaka kale kasauti ka kike kanasema iko tayari kwa Bluetooth, taa ya bluu inapepesa haraka haraka, nafungua simu... hakuna kitu. Nimekaa dakika kumi nazima nawasha, wapi. Nikampigia fundi mmoja tunayefahamiana akaniambia "kaka, hiyo haitoi jina, kuna sehemu kwenye simu unawasha ndo inaonyesha vifaa visivyo na majina." Nikawasha. Hapo sasa skrini ikajaa namba, mistari sita, na hakuna hata mmoja umeandikwa sabufa.

Mi naishi nyumba ya kupanga, vyumba sita kuta kwa kuta, kila mtu ana simu, wengine TV janja, wengine sabufa zao. Kwahiyo katika ile mistari sita mmoja ni wangu na mitano ni ya watu. Wengi wetu tukifika hapo tunabonyeza wa juu kabisa, ukikataa tunashuka wa pili, na hiyo ndo njia mbaya kuliko zote kwa sababu kila unapobonyeza unatuma ombi la kuungana na kifaa usichokijua, na kifaa hicho kinaweza kukubali. Nitaeleza nilivyofanya hatua kwa hatua pamoja na pale nilipokosea, na simu yangu ni Android hivyo majina ya menyu ni ya Android ya Kiingereza, kwako yanaweza kupishana kidogo.

Kwanza elewa kwa nini jina halipo

Kukosa jina hakumaanishi kifaa ni kibaya, na kuwa na jina zuri hakumaanishi kifaa ni salama. Simu ikitafuta vifaa vya Bluetooth vya kawaida, vile vya muziki na simu, inapiga kelele hewani "nani yupo?" na kila kilicho tayari kuunganishwa kinajibu. Kwenye jibu la kwanza kabisa kinatoa vitu viwili: anwani yake, yaani ile namba ndefu ya jozi sita, na aina yake, kwamba mimi ni kifaa cha sauti, au simu, au kompyuta, au kibodi. Jina mara nyingi linakuja baadaye, simu inabidi iulize tena peke yake. Vifaa vingi vya siku hizi vinabeba jina humo humo kwenye jibu la kwanza, ila saketi za bei rahisi na zile alizobadilisha fundi wakati mwingine hazifanyi hivyo, au antena yake ni dhaifu, au umekaa mbali, basi swali la pili halijibiwi na simu inabaki na namba tu.

Halafu kuna kundi lingine tofauti kabisa, Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme. Humo ndo mna saa janja, bangili za mazoezi, vitafuta funguo, TV, na hata simu zenyewe za majirani. Hivi vinatoa vimeseji vifupi hewani muda wote na vingi havitaki kabisa kutaja jina, wala havisubiri wewe uunganishe, vinaongea na wenyewe. Kwenye skrini yako vinatokea tu kama namba. Hili ndo kundi linalojaza listi, na karibu lote halikuhusu.

Android huwa inavificha visivyo na jina kwa kawaida, na ndo maana sabufa yangu sikuiona. Kuvionyesha unaenda "Settings", halafu "About phone", unagonga "Build number" mara saba mpaka ikuambie umekuwa developer, kisha unatafuta "Developer options" (simu nyingi iko ndani ya "System") na unawasha "Show Bluetooth devices without names". Usiguse kingine humo ndani. Na ukimaliza kazi urudi uizime, nitakumbusha mbele.

Andaa mazingira kabla hujasoma listi

Hapa watu wanapita haraka ila ndo kunaokoa muda. Sogeza simu karibu na sabufa, nusu mita hivi, na usisimame katikati yao, mwili wa mtu una maji mengi na masafa ya Bluetooth yanamezwa na maji. Zima Bluetooth kwenye vifaa vyako vingine vyote, simu ya pili, saa, laptopu, hedifoni zirudishe kwenye kiboksi chake na ufunike. Hivyo umeshapunguza mistari ambayo ni yako lakini siyo unayotafuta.

Hakikisha pia kifaa kiko kwenye hali ya kusubiri kuunganishwa. Kwenye sabufa taa ya bluu inapepesa haraka, ikitulia bila kupepesa maana yake imeshashikwa na simu nyingine na hutaiona kwenye listi hata ukae mpaka kesho. Hedifoni zisizo na waya nyingi unashikilia kitufe sekunde kadhaa mpaka taa ianze kupepesa, mara nyingi nyekundu na bluu kwa kupokezana.

Kisha fungua "Pair new device" na subiri. Mzunguko mmoja wa kutafuta unachukua kama sekunde 12, na jina linaweza kuchelewa zaidi, kwahiyo mpe sekunde 30 kabla hujasema hakina jina. Jua pia kwamba muda ule ukurasa huo uko wazi simu yako nayo inaonekana kwa wengine. Usiuache wazi ukaenda kupika.

Na kama uko stendi au kwenye daladala umetoka kununua hedifoni na unataka kuziunganisha hapo hapo, nakusihi subiri. Kwenye umati listi inabadilika kila sekunde na hakuna jaribio lolote nitakaloeleza hapa litakalokupa jibu la uhakika.

Kusoma mstari mmoja mmoja

Hii ndo listi yangu ilivyokuwa, namba nimezibadilisha ila mpangilio ni ule ule, na upande wa kulia nimeandika kapicha kalikokuwa mbele ya kila mstari:

```
5A:1C:E7:30:94:0B   alama ya Bluetooth
8C:2D:61:F4:0A:93   alama ya Bluetooth
41:42:0E:9B:27:5D   hedifoni
72:F3:08:6D:C1:2E   alama ya Bluetooth
D4:6A:35:88:10:F7   alama ya Bluetooth
2C:19:5E:2B:7A:C3   hedifoni
```

Anza na picha usianze na namba. Nimesema aina ya kifaa inakuja kwenye jibu la kwanza, kwahiyo hata kifaa kisipotaja jina simu inaweza kujua kwamba ni cha sauti na ikaweka picha ya hedifoni. Spika nayo kwenye Android nyingi inawekewa hiyo hiyo picha ya hedifoni, usitafute picha ya spika usipoiona ukadhani haipo. Picha ya simu, ya kompyuta au ya kibodi inakuambia moja kwa moja kwamba siyo sabufa, achana nayo. Alama ya Bluetooth tupu maana yake simu haijaambiwa aina, na hapo ndo wanakaa wale wa kundi la umeme mdogo.

Kwahiyo mistari sita imeshakuwa miwili: ile ya 41:42 na ile ya 2C:19. Lakini usishangilie, picha ni maneno ya kifaa chenyewe, mtu mwenye laptopu na ujuzi kidogo anaweza kuifanya ijitangaze kama hedifoni. Picha inakusaidia kupunguza, haithibitishi.

Namba nazo zina habari kidogo. Vifaa vya kawaida vya sauti vina anwani isiyobadilika, na jozi tatu za mwanzo zinatakiwa kuwa za kampuni iliyotengeneza, ingawa viwanda vya bei rahisi huwa vinajiwekea tu namba wanazotaka. Vifaa vya umeme mdogo vingi vinatumia anwani za muda, zinazobadilika kila dakika 15 hivi ili mtu asifuatiliwe, na anwani hizo tarakimu ya kwanza ni 4, 5, 6 au 7. Ukiona mstari wenye alama tupu, unaanza na 5 au 7, na ukirudi baada ya nusu saa umepotea na kumetokea mwingine, huyo ni simu au saa ya mtu. Kwangu 5A na 72 walikuwa hivyo. Ila angalia, 41:42 nayo inaanza na 4 na ina picha ya hedifoni, kwahiyo tarakimu peke yake haitoshi kuhukumu, isome pamoja na picha na tabia ya mstari kwa muda.

Kuna sehemu nyingine ya uhakika zaidi kama kifaa chako kinayo: anwani iliyochapishwa. Angalia stika chini ya kifaa, ndani ya boksi, au kwenye kitabu. Redio nyingi za gari zinaonyesha kwenye menyu yake sehemu ya taarifa za Bluetooth, printa nyingi zinaitoa ukichapisha karatasi ya kujipima, na simu ya Android iko kwenye "About phone" imeandikwa "Bluetooth address". Ukiipata unalinganisha jozi zote sita, siyo mbili za mwanzo tu. Sabufa yangu stika ilikuwa na volti na wati basi.

Jaribio la kuzima, hili ndo lenyewe

Kama unakumbuka kitu kimoja katika yote haya kumbuka hiki. Wewe ndo mwenye swichi ya kifaa chako, jirani hana. Kwahiyo kifaa kinachopotea ukizima na kurudi ukiwasha, kila mara, ni chako.

Zima kwenye ukuta, siyo kwa rimoti, maana baadhi ya sabufa ukizima kwa rimoti redio yake ya ndani inabaki hai. Toka kabisa kwenye ukurasa wa "Pair new device", rudi, subiri zile sekunde 30, kisha piga skrini picha. Usibaki kwenye ukurasa ule ule ukingoja mstari ufutike, simu inashikilia mistari ya zamani kwa muda na itakudanganya kwamba kifaa bado kipo. Sasa washa sabufa, irudishe kwenye Bluetooth, toka na urudi kwenye ukurasa, subiri, piga picha nyingine. Linganisha picha mbili.

Mi raundi ya kwanza nilipozima 41:42 ikapotea na 72:F3 nayo ikapotea. Ningekuwa na haraka ningesema zote ni wagombea. Raundi ya pili nimewasha, 41:42 imerudi, 72:F3 haijarudi ila kuna mgeni 6B amekuja, ndo zile anwani za muda zinazobadilika. 2C:19 haikuyumba hata mara moja, iwe nimezima iwe nimewasha. Nikafanya raundi ya tatu, 41:42 ikaenda na kurudi tena. Kwa nini mara tatu? Kwa sababu jirani anaweza kuzima kitu chake dakika ile ile uliyozima wewe, mara moja inatokea, mara mbili ni nadra, mara tatu kwa kufuatana na swichi yako ni ngumu sana.

Ukiwa na laptopu ya Linux unaweza kuongeza ushahidi kwa nguvu ya mawimbi. Unaandika hivi:

```
bluetoothctl
scan on
info 41:42:0E:9B:27:5D
```

Wakati inatafuta inatoa namba ya RSSI, ambayo ni hasi, na kadri inavyokaribia sifuri ndo kifaa kiko karibu. Ukiwa karibu na sabufa kabisa unaweza kuona -45 hivi, kifaa cha chumba cha mbali kikawa -80 na kushuka. Usiiamini kama futi kamba, ukuta, mwili na antena mbovu vinaivuruga, ila ukitembea na laptopu kwenda mlangoni na kurudi, namba ya kwako inatakiwa ishuke na kupanda pamoja na hatua zako. Apu nyingi za simu za kupima mawimbi zinaona lile kundi la umeme mdogo tu, kwahiyo sabufa ya kawaida isipotokea humo usidhani imekufa.

Soma kiboksi kinachotokea ukibonyeza

Hapa ndo nilikosea siku ya kwanza, kabla sijafanya hayo yote. Nilibonyeza 8C:2D kwa kubahatisha. Simu ikaleta kiboksi chenye namba sita na kuuliza kama zinafanana na zile za kwenye kifaa kingine. Nikashtuka, sabufa itaonyeshaje namba wakati ina vitaa viwili tu? Nikabonyeza "Cancel". Haikupita dakika dada wa chumba cha pili akagonga mlango, "kaka, TV yangu imeandika kuna simu inataka kuungana, ni ya kwako?" Nikamwomba radhi nikamweleza. Kumbe lile kosa lilinifundisha kusoma kiboksi kuliko kusoma listi.

Kiboksi kinatokana na uwezo wa vifaa viwili. Ikiwa pande zote zina skrini na kitufe cha kukubali, zinaonyesha namba sita zile zile ili mwanadamu alinganishe. Ikiwa upande mmoja ni kibodi, unaambiwa uandike namba sita kwenye kibodi hiyo na kubonyeza Enter. Ikiwa upande mmoja hauna skrini wala vitufe vya namba, kama sabufa au hedifoni, hakuna cha kulinganisha, unaulizwa tu kama unataka kuungana basi. Na vifaa vya zamani, vya kabla ya toleo la Bluetooth 2.1 la mwaka 2007, vinaomba PIN ambayo mara nyingi ni 0000 au 1234.

Kwahiyo kabla hujabonyeza jiulize kifaa changu kina nini mwilini, na kiboksi kinatakiwa kiweje. Kiboksi cha kulinganisha namba kwa kitu kisicho na skrini maana yake umegusa simu, kompyuta au TV ya mtu, kata hapo hapo. Kinyume chake nacho kina maana: ukiunganisha redio ya gari yenye skrini kubwa, namba zikatokea kwenye simu lakini kwenye skrini ya gari hakuna kitu, au zipo ila hazifanani, usikubali. Na kibodi isiyo na jina ambayo haikuombi uandike chochote mi siiunganishi na simu yenye hela, kwa sababu kibodi ni kitu kinachoandika badala yako.

Kiboksi hicho hicho kina kamstari cha kuweka tiki, kinachoruhusu kifaa kusoma majina uliyohifadhi na historia ya simu ulizopiga. Watu wengi hawakaoni. Kwa sabufa ondoa tiki, haina sababu ya kujua namba ya mama yako. Redio ya gari inaweza kuihitaji ili ikuonyeshe nani anapiga, lakini hiyo uamue kwa gari lako, siyo la kukodi.

Na ombi lolote la kuungana linalotokea kwenye simu yako bila wewe kubonyeza kitu, jibu ni hapana, hata likiwa na jina tamu. Kama limekuja na hujui limetokea wapi, funga ukurasa wa Bluetooth na uanze upya baadaye.

Baada ya kuungana, dakika mbili za uhakiki

Nilibonyeza 41:42, kiboksi kikaja bila namba yoyote, tiki nikaitoa, nikakubali. Taa ya sabufa ikaacha kupepesa ikatulia. Hiyo ndo ishara ya kwanza, taa yako imebadilika sekunde ile ile. Kama simu inasema imeungana na taa yako bado inapepesa, umeungana na kitu kingine, futa mara moja.

Ishara ya pili ni sauti. Usianze na simu ya mtu au ujumbe wa sauti, weka wimbo wowote kwa sauti ndogo, ukisikika kwenye sabufa yako sawa, ukisikika ukutani kwa jirani unajua. Usipousikia popote usijaribu kupandisha sauti, fungua kile kialama cha gia mbele ya kifaa na ubonyeze "Forget".

Ukiwa humo kwenye gia soma orodha ya huduma zilizounganishwa. Sabufa inatakiwa iwe na "Media audio", na wakati mwingine "Phone calls" kama ina maiki, hiyo ya simu unaweza kuizima ili mazungumzo yako yasitoke kwenye spika mtaa mzima ukasikia. Ukikuta "Input device" kwenye kitu kinachojiita spika, kimejiunganisha kama kibodi au kipanya, na kibodi inaweza kufungua vitu na kuandika kwenye simu yako. Baadhi ya spika na hedifoni zinatumia njia nyingine kwa vitufe vya kusogeza wimbo, lakini hazihitaji hiyo "Input device", kwahiyo mi ningeizima, na kama chanzo chake sikijui ningekifuta kifaa kizima.

Hii ya kibodi siyo hadithi. Desemba 2023 mtafiti Marc Newlin alitangaza tundu lililopewa namba CVE-2023-45866, ambalo lilimruhusu mtu aliye karibu kujiunganisha na simu ya Android kama kibodi bila mwenye simu kukubali chochote, Bluetooth ikiwa tu imewashwa. Marekebisho yalikuja kwa Android 11 hadi 14, kwenye masasisho ya usalama ya tarehe 5 Desemba 2023. Android 10 kurudi nyuma hazikupata. Angalia tarehe ya "Android security update" kwenye simu yako, ikiwa ni ya kabla ya hapo au simu ni ya zamani, kusoma listi vizuri hakukusaidii kwa tundu hilo, dawa ni kuzima Bluetooth ukimaliza kuitumia.

Mwisho wa uhakiki, kipe jina. Kwenye gia hiyo hiyo kuna kialama cha kalamu, mi nimeandika "Sabufa chumbani". Jina hilo linakaa kwenye simu yako tu, simu nyingine itaendelea kuona namba, lakini wewe hutahangaika tena. Kisha rudi "Developer options" uzime ile ya kuonyesha visivyo na majina. Kilichokwisha kuungana hakipotei, kinabaki kwenye vifaa vyako, ila listi inarudi kuwa safi.

Pale inapogoma

Ukifanya jaribio la kuzima na hakuna mstari unaofuata swichi yako, kifaa chako hakipo kwenye listi kabisa, na hapo kosa kubwa ni kuchagua "kinachofanana". Sababu ya kwanza ni kwamba kimeshikwa na simu nyingine inayokikumbuka, labda ya mdogo wako chumbani au ya mwenye nacho wa zamani kama mnakaa jirani, na taa iliyotulia itakuambia. Zima Bluetooth ya simu hiyo, au shikilia kitufe cha kucheza wimbo sekunde kadhaa, sabufa nyingi hapo inaachia na kuanza kupepesa tena. Sababu ya pili ni rimoti imekupeleka kwenye modi nyingine, ya fleshi au redio, bila kuona.

Ukiona mistari miwili yote inafuata swichi yako usiogope. Hedifoni za pande mbili zinaweza kutokea mara mbili, kulia na kushoto, na baadhi ya spika zinajitangaza kwa njia zote mbili, ya kawaida na ya umeme mdogo. Wa muziki ni ule wenye picha ya hedifoni. Kwa zenye majina wakati mwingine utaona mmoja umeanza na LE, yaani ile ya umeme mdogo, huo ni wa apu ya kampuni, uache.

Kwenye laptopu ya Windows utakutana na "Unknown device" nyingi badala ya namba. Jaribio la swichi ni lile lile, ila haionyeshi anwani, kwahiyo hesabu idadi na mahali kila mmoja ulipo, na kama huwezi kutofautisha, tafuta kwa simu ya Android kwanza ujue kama kifaa kinatoa picha na jina.

Kuna kikomo kimoja ambacho hakiondoki. Sabufa isiyoomba namba yoyote inakubali mtu yeyote aliye karibu, kwahiyo nimejua mimi naungana na nani lakini yenyewe haijui nani anaungana nayo. Siku ya tatu niliikuta inaimba taarabu ya chumba cha nne. Tangu hapo nikitoka nazima ukutani, na siku nikitaka kusikiliza kitu cha faragha naweka waya wa AUX, nusu mita ya waya na hakuna listi ya kusoma.